Apu Inasema "Update", Simu Inasema "Haiwezekani": Mama Asikize Nani?

Wasee, leo sina vichekesho. Wale mmezoea kuja hapa kunicheka nikiiga makanga wa matatu, hiyo iko kesho. Leo nataka tuongee juu ya simu ya mamangu, na elfu ishirini na tatu mia sita ambazo zilikaa siku mbili mahali anapoziona lakini hawezi kuzigusa.

Ni hivi. Mama anauza mitumba. Kila jioni anaweka kitu kidogo kwa SACCO yake, na kuna apu ya kuangalia akiba na kuhamisha pesa kuja kwa simu. Sitaitaja jina, na shida yenyewe si yao peke yao. Jumanne usiku akanipigia.

"Baba, hii kitu imekataa. Inasema nibonyeze hapa. Nimebonyeza mpaka kidole kimechoka."

Jumatatu iliyokuwa inakuja, dada yangu mdogo alikuwa anarudi shule na karo. Hizo ndizo pesa za karo. Kwa hivyo ilikuwa haraka, na mimi ndiye "mtu wa kompyuta" kwa familia, hata kama niliacha chuo mwaka wa pili na cheti nilichonacho ni cha kidato cha nne. Nikachukua matatu nikaenda.

Simu yake aliinunua 2018 kwa elfu nane na mia tano. Android 7.0, memori ya ndani 8GB, ramu 1GB. Kioo kina ufa kwa kona lakini inapiga, inapokea, WhatsApp inaingia, M-Pesa inaingia. Kwake hiyo simu si nzee. Ni simu. Ukifungua apu ya SACCO unapata ukurasa mweupe, maandishi "Update required", na kitufe kimoja tu. Hakuna cha kusema baadaye, hakuna cha kusema hapana.

Hapo nikafanya kosa ambalo wengi wetu tunafanya. Juu ya kioo kulikuwa na ile ilani ya kila siku, "Storage space running out". Nikajiambia, ah, hii ni nafasi tu. Nikatafuta kiti.

Sasa wacha niwaelezee hii mambo ya nafasi, kwa sababu hata kama haikuwa jibu la usiku huo, ndiyo ukuta wa kwanza wa watu wengi wenye simu za aina hiyo. Simu ikiandikwa 8GB kwa boksi, hizo zote si zako. Mfumo wenyewe pamoja na apu zilizokuja na simu zinakula karibu nusu. Mama alibakishiwa kama 4GB za kuishi nazo tangu siku ya kwanza. Tulipoangalia, zilizobaki wazi zilikuwa 190MB.

Mama akauliza swali la maana sana. WhatsApp nayo ilikuwa inataka apdeti, na ilikuwa imekataa kwa sababu ya nafasi. Hiyo apdeti ilikuwa ndogo kuliko 190. "Sasa mbona haitoshei?" Ni kama kubadilisha kitanda kwa chumba kimoja. Huwezi kutupa cha zamani kabla kipya hakijaingia, kwa hivyo kuna dakika vyote viwili viko ndani. Simu inapakua faili, inaifungua, inaiandaa iweze kuendeshwa, na muda huo wote apu ya zamani bado iko pale ili mambo yakiharibika usibaki mikono mitupu. Juu ya hiyo, Android yenyewe hujiwekea akiba yake ambayo haikubali iguswe. Ndiyo maana apu ndogo inaweza kudai nafasi mara mbili au tatu ya ukubwa wake.

Tukaanza kufagia. Hizi ndizo sehemu tatu zilizotupa nafasi, na si kufuta picha za wajukuu.

Ya kwanza ni folda ya WhatsApp inayoitwa Databases. Kila usiku WhatsApp hutengeneza nakala ya mazungumzo yako, na huwa inaweka za siku kadhaa zilizopita. Utaona faili zenye tarehe kwa jina, kama msgstore-2025-08-14.1.db.crypt14. Ile isiyo na tarehe, msgstore.db.crypt14, ndiyo nakala mpya kabisa, hiyo usiiguse. Zile zenye tarehe ni za siku zilizopita. Kwa simu ya Mama zilikuwa saba na zilimeza karibu 420MB.

Ya pili ni folda inayoitwa Sent, ndani ya WhatsApp Video. Kila video unayotumia watu inaweza kuacha nakala yake hapo. Mama ni wa kikundi cha kanisa, cha chama na cha ukoo, na video ya maombi inapitishwa vikundi vyote vitatu. 280MB zilitoka hapo.

Ya tatu ndiyo watu hawajui. Zile apu zilizokuja na simu na huwezi kuzitoa, zikiapdetiwa toleo jipya haliingii mahali pa lile la zamani. La zamani linabaki kwa sehemu ya mfumo ambayo huwezi kuigusa, na jipya linakaa kwa nafasi yako. Unalisha apu moja mara mbili. Ingia Settings, kisha Apps, chagua apu usiyotumia, bonyeza Uninstall updates halafu Disable. Ukisahau Disable, ukiwasha data inarudi ileile. Chunga tu: hatua hiyo inafuta pia kilichohifadhiwa ndani ya apu hiyo, kwa hivyo usiifanye kwa kitu unachotumia. Apu tatu ambazo Mama hajawahi kufungua zilitupatia 310MB.

Jumla tukafika 1.2GB wazi. WhatsApp ikaapdeti bila maneno. Mama akatabasamu. Nikahisi kama nimemaliza digrii.

Kwa wale watauliza kwa komenti: ndiyo, ana memori kadi ya 16GB. Picha na video zinahamia huko bila shida. Apu ni hadithi nyingine. Inahamia tu kama aliyeitengeneza aliruhusu, na hata ikihamia kuna sehemu yake inabaki ndani. Apu za pesa mara nyingi haziruhusu kabisa. Kadi inakusaidia kutoa vitu vingine ndani ya nyumba. Apu ya benki hailali nje.

Basi tukarudi kwa apu ya SACCO. Nafasi iko. Nikabonyeza Update. Ikanipeleka Play Store. Na pale, badala ya kitufe cha Update, nikaona Open. Nikabonyeza Open. Apu ikafunguka ikasema "Update required". Nikabonyeza. Play Store. Open. "Update required". Manze, tulizunguka hivyo kama mara sita, kama mtu anayetafuta kibali ofisi za kaunti. Dirisha la tatu linakutuma la tano, la tano linakurudisha la tatu.

Hapo ndipo niliposhtuka kwamba nilikuwa nimeingia kwa ukuta wa pili, na huu haufagiliwi.

Shika hii, itakuokoa usiku mzima. Play Store ikikuonyesha Update halafu ikalalamika juu ya nafasi, shida ni nafasi, na unaweza kuitatua. Lakini apu ikidai apdeti na Play Store ikakuonyesha Open tu, au ikaandika kwamba simu yako si "compatible", basi hakuna apdeti ya simu yako. Haipo. Toleo jipya lilitengenezwa likiambiwa lisikubali Android yako. Nilithibitisha kwa kufungua apu hiyohiyo kwa simu yangu, nikaingia About this app, nikashuka chini mpaka mahali pameandikwa mfumo unaohitajika. "8.0 and up." Simu ya Mama ni 7.0. Kiwanda kilichoitengeneza hakikuwahi kutuma toleo lingine la Android tangu 2018, na hakitatuma.

Nilikuwa karibu kufanya makosa mawili, na nimeona watu wakiyafanya. La kwanza ni kutoa apu ili "niiweke upya". Usifanye hivyo. Ukiitoa, Play Store inaweza kukataa kukurudishia kabisa, na hapo hata ile salio uliyokuwa unaiona umepoteza. La pili ni kutafuta faili ya APK kwa vikundi vya mtandaoni. Kwanza haitasaidia: kama ni toleo jipya lenyewe, simu itakuambia "There was a problem parsing the package", kwa sababu ukuta uko ndani ya faili, hauko Play Store. Pili, mtu anayekutumia apu ya pesa kupitia kikundi cha watu usiowajua hakupendi. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kumkabidhi mwizi PIN ukiwa umetabasamu.

Njia iliyobaki ilikuwa moja. Nikatoa laini ya Mama, nikaiweka kwa simu yangu, nikashusha apu, ujumbe wa kuthibitisha ukaingia, akaweka PIN yake kwa kioo changu. Ikafunguka. Pesa zote ziko. Lakini apu ikamwambia kwamba sasa akaunti yake iko kwa kifaa kipya. Kifaa changu.

Mama akaangalia ile simu kwa mkono wangu, kisha akaniangalia.

"Kwa hivyo kila nikitaka kujua pesa yangu, nitakuwa nakuuliza wewe?"

Wasee, hilo swali lilinikata. Kwa sababu huyu ni mama aliyefungua akaunti hiyo kimyakimya, wakati hata baba hakujua, ili kuwe na kitu siku mambo yakiwa mabaya. Muhula wangu wa kwanza chuo ulilipwa kutoka hapo. Nilipoacha hakunilaumu, alianza tu kuweka upya, ya dada yangu. Hiyo akaunti ndiyo kitu pekee maishani mwake ambacho hakuombi mtu ruhusa. Na kitufe kimoja kilikuwa kimeiweka mfukoni mwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Mimi simwibii. Lakini mnajua vizuri kwamba si kila nyumba mtoto, bwana au jirani anayesaidia na simu ni wa kuaminiwa.

Akakataa. Nikatoa apu kwa simu yangu, nikamrudishia laini. Alhamisi akafunga kibanda, akalipa nauli mia tatu kwenda na kurudi, akakaa foleni mpaka saa saba, akatoa pesa za karo kwa kitambulisho. Akamwuliza mhudumu kuhusu ile namba ya nyota waliyokuwa nayo zamani. Akaambiwa iliondolewa, sasa kila kitu kiko kwa apu. "Mama, nunua tu simu nyingine." Simu ya bei ya chini yenye Android mpya ni elfu kumi hivi. Karibu nusu ya akiba, ili uweze kuiona akiba.

Sasa nije kwa maoni yangu, na nataka niwe wa haki.

Nina rafiki anayetengeneza apu, tulianza chuo pamoja, yeye alimaliza. Nikamweleza kwa hasira. Akasema, "Hiyo simu haijapata kiraka cha usalama miaka mingi. Tukiiruhusu na pesa ziibwe, utasema nini kwa posti yako?" Ni kweli. Android 7 ilishaachwa, na matundu yanayogunduliwa hayazibwi tena. Chrome yenyewe iliacha kutoa matoleo mapya ya Android 7 baada ya toleo la 119, mwishoni mwa 2023. Kila Android ya zamani unayoikubali ni simu nyingine ya kujaribu kabla ya kutoa apdeti, na timu yao ina watu watatu. Naelewa.

Lakini kuna kitu hawatuambii. Wakiulizwa, wengi husema "ni Google wametulazimisha". Hapana. Kuna namba mbili ndani ya apu. Moja inaitwa targetSdk, inasema apu imetengenezwa kufuata kanuni za Android ya juu kiasi gani. Hiyo Google huipandisha kila mwaka, na usipofuata huwezi kutoa apdeti. Ya pili inaitwa minSdk, inasema simu ya chini kabisa inayokubaliwa. Hiyo ya pili ni ya mwenye apu. Mwaka 2025 maktaba nyingi za AndroidX, ambazo ni za Google wenyewe, bado zilikuwa zinakubali Android 6. Kwa hivyo kumfungia nje mtu wa Android 7 inaweza kuwa uamuzi mzuri au mbaya, lakini ni uamuzi. Kuna mtu aliketi akaandika namba. Na rafiki yangu, nilipombana, akakubali kwamba mara nyingi hiyo namba hupandishwa kwa sababu ni rahisi, bila mtu kuangalia ni wateja wangapi wako chini yake.

Mimi siombi waunge mkono simu za zamani milele. Naomba vitu vitatu, na hakuna hata kimoja cha ajabu.

Kwanza, apu iseme ukweli. Apu inajua iko kwa Android gani, ni mstari mmoja tu wa kusoma Build.VERSION.SDK_INT. Kumwambia mtu "apdeti" huku ukijua simu yake haiwezi ni kumtuma dirisha ambalo halipo. Mwandikie: "Simu hii haitaweza tena kutumia apu hii. Pesa zako ziko salama. Fanya hivi." Mama hangebonyeza mpaka kidole kichoke. Mimi nisingekesha nikifuta video za maombi.

Pili, mpe notisi. Namba yake mnayo, mnamtumia ujumbe wa mikopo kila wiki. Mtumieni mmoja miezi mitatu kabla, kwamba tarehe fulani simu ya Android hii itafungwa. Atapanga. Anayefungiwa Jumanne usiku wiki ya karo hana la kupanga.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: usifunge mlango wa zamani kabla kila mtu hajapita wa mpya. M-Pesa ina apu nzuri, lakini bado ukibonyeza *334# kwa kabambe ya vitufe unahudumiwa, na menyu ya laini iko palepale. Namba ya nyota haijali Android, haijali nafasi, haitaki bando. SACCO ya wauza mitumba ikiondoa hiyo na kubakisha apu peke yake, imesema kimyakimya kwamba mwanachama ni yule mwenye simu mpya. Kama ni usalama mnaogopa kwa simu nzee, basi huo ndio usalama: zima apu, acha namba ya nyota, weka kiwango cha kutoa kwa siku.

Na wewe unayesoma, ukienda nyumbani wikendi hii, shika simu ya mzazi wako kabla haijakataa. Ingia Settings, About phone, angalia Android ni ngapi. Kisha, kwa simu yako, fungua apu zake za pesa Play Store na uone zinataka ngapi. Kama ya mzazi ndiyo namba ya chini kabisa wanayokubali, huyo yuko mlangoni tayari. Msaidie ajiandikishe kwa namba ya nyota kama ipo, na kama haipo, aende tawini aulize akiwa na muda.

Mama sasa anatumia daftari. Anaandika kila alichoweka, na mwisho wa mwezi anaenda tawini kulinganisha. Ile apu bado iko kwa simu yake, hajaitoa. Nikamwuliza kwa nini.

"Wacha ikae," akasema. "Siku moja itachoka kukataa."

Haitachoka, Mama. Lakini kuna mtu aliyeandika ile namba, na huyo anaweza kusoma hii.